Daftari la Wasiwasi Ndani ya Simu: Linapima Nini, na Lini Halitoshi

Wasiwasi ni kitu ambacho kila mtu anakijua. Mtu anayesubiri majibu ya mtihani, anayedaiwa kodi ya nyumba, au ambaye mtoto wake amechelewa kurudi kutoka shuleni, huona moyo unakwenda mbio, tumbo linavurugika na usingizi unapaa. Waswahili husema mtu huyo ana roho juu, au ana mawazo mengi. Hali hiyo si ugonjwa. Ni mtambo wa mwili wa kujihami: ubongo unapohisi hatari huamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini katika damu, na adrenalini ndiyo iongezayo mapigo ya moyo na kuutayarisha mwili kukimbia au kupambana. Taabu huanza pale mtambo huo unapowaka bila hatari kuwapo, au unapokataa kuzimika baada ya hatari kupita.

Katika miaka ya karibuni zimeenea programu za simu za mkononi zinazodai kumsaidia mtu mwenye wasiwasi wa aina hii. Nyingi hufanya kazi mbili: humtaka mwenye simu aandike hali ya moyo wake kila siku, na humfundisha mazoezi ya kujituliza. Makala haya yanakusudia kueleza programu hizo hupima nini hasa, nguvu yake ni kiasi gani, na kwa dalili zipi mtu atatambua kwamba umefika wakati wa kuiweka simu chini na kumwendea mtu mwingine.

Kwa nini kuandika papo hapo

Kumbukumbu ya binadamu si karani mwaminifu. Ukimwuliza mtu jioni ya Ijumaa wiki yake ilikuwaje, hatajumlisha siku zote na kuzigawa kwa saba. Atakumbuka tukio lililomwumiza kuliko yote, na atakumbuka jinsi anavyojisikia wakati ule anapoulizwa. Siku tatu za utulivu zilizopita bila tukio lo lote zitakuwa zimefutika. Kwa sababu hiyo watafiti wa saikolojia huwataka watu waandike hali zao mara kadhaa kwa siku, wakati ule ule wanapoisikia. Programu ya simu hurahisisha kazi hiyo kwa kulia kengele saa zilizopangwa na kumpa mtu kipimo cha kujaza, mathalani kutoka 0, maana yake utulivu kamili, hadi 10, maana yake hofu isiyovumilika.

Tutachukua mfano tuliotunga ili hesabu zake zionekane wazi. Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari mjini Morogoro, mwenye umri wa miaka 34, anasumbuliwa na mawazo. Ameweka programu ya namna hii katika simu yake, nayo humwuliza hali yake mara tatu kwa siku: saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 3 usiku. Katika siku 14 angepaswa kujaza mara 42, lakini amejaza mara 36: asubuhi mara 12, mchana mara 13, na usiku mara 11.

Programu inamwonyesha wastani wa 4.25, tena kwa rangi ya kijani, kana kwamba mambo si mabaya. Lakini akizigawanya tarakimu kwa saa, anaona jambo jingine. Wastani wa asubuhi ni 4, wa mchana ni 3, na wa usiku ni 6. Kumbe shida yake haikuenea siku nzima. Imejikusanya saa za usiku, baada ya kazi za nyumbani kwisha na watoto kulala. Wastani mmoja wa siku nzima umeificha shida hiyo, kama vile wastani wa mvua wa mwaka unavyoweza kuficha miezi ya ukame.

Kuna jambo la pili ambalo programu haikumwambia. Nafasi tatu za usiku zilizoachwa wazi hazikuachwa kwa bahati. Anapojiuliza anakumbuka kwamba usiku huo alikuwa amefadhaika kiasi cha kutoweza hata kushika simu. Tukikadiria kwamba kila usiku huo ungepata 9, wastani wa usiku unapanda kutoka 6 hadi karibu 6.6. Hivyo basi, nafasi tupu katika daftari la wasiwasi hazimaanishi utulivu, na mara nyingi huficha siku zilizokuwa mbaya kupita zote. Anayesoma daftari lake hana budi kuhesabu pia zile siku ambazo hakuandika.

Tahadhari ya tatu inahusu sababu. Mwalimu wetu anaona kwamba siku zinazofuata usiku wa usingizi mchache zina tarakimu kubwa zaidi. Je, kukosa usingizi ndiko kunakoleta wasiwasi, au wasiwasi ndio unaomnyima usingizi? Siku 14 haziwezi kujibu swali hilo, na yamkini majibu yote mawili ni kweli, kila kimoja kikikivuta kingine. Programu ikiandika kwenye kioo kwamba usingizi ndio chanzo, imesema zaidi ya inavyojua.

Kupima utabiri badala ya kupima moyo tu

Kuandika tarakimu peke yake hakuponyi. Humwonyesha mtu pa kuanzia, basi. Faida kubwa zaidi hupatikana pale daftari linapotumiwa kuupima wasiwasi wenyewe, kwa maana wasiwasi karibu daima ni utabiri: jambo fulani baya litatokea.

Njia mbili zimefanyiwa utafiti, na zote mbili zinaweza kutekelezwa kwa simu au kwa daftari la kawaida la shule. Ya kwanza ilielezwa mwaka 1983 na Thomas Borkovec na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mtu huchagua nusu saa moja kila siku, mahali pale pale na saa ile ile, iwe ndiyo saa yake ya kuwa na wasiwasi. Wazo baya likimjia saa nyingine haligombezi wala halifukuzi, bali huliandika kwa maneno machache na kuliahirisha hadi saa yake ifike, kisha hurudisha macho kwenye kazi iliyo mbele yake. Saa ikifika huketi na kuyashughulikia yote aliyoyaandika, akitafuta lipi lina la kufanywa na lipi halina. Siri ya njia hii ni kwamba wasiwasi hujifunga kwenye mahali na nyakati. Mtu aliyezoea kuwaza kitandani, kitanda chenyewe humkumbusha kuwaza. Kwa hiyo saa hiyo isiwekwe karibu na wakati wa kulala. Saa 11 jioni inafaa zaidi kuliko saa 4 usiku.

Njia ya pili ni kuandika utabiri na kuusubiri. Mwaka 2020 Lucas LaFreniere na Michelle Newman, wa chuo kikuu hicho hicho, walichapisha matokeo ya utafiti juu ya watu 29 waliokuwa na maradhi ya wasiwasi wa jumla. Kwa siku 10 watu hao waliandika wasiwasi wao kila walipokumbushwa kwa simu, kisha wakafuatilia hadi siku ya 30 kuona yapi yalitokea. Kwa wastani asilimia 91.4 ya mambo waliyoyaogopa hayakutokea. Aidha, wale ambao sehemu kubwa zaidi ya hofu zao ilionekana si kweli ndio waliopata nafuu zaidi. Idadi ya watu hao ilikuwa ndogo, na tusiichukue tarakimu hiyo kuwa sheria kwa kila mtu. Lakini inaonyesha jinsi daftari linavyoweza kuwa shahidi dhidi ya hofu.

Mwalimu wetu anaanza kuandika hivyo. Kila utabiri anauandika ili uweze kuhakikiwa: haandiki "mambo yataharibika", bali "Jumatano mkuu wa shule atanikemea mbele ya wenzangu", na pembeni anaweka tarehe ya kuhakiki. Katika majuma matatu anaandika utabiri 24. Tarehe zinapopita anakuta 20 haukutokea kabisa, 3 umetokea lakini kwa kiasi kidogo kuliko alivyoogopa, na 1 umetokea kama ulivyoandikwa: mshahara ulichelewa na ada ya mtoto haikupatikana kwa wakati. Hata hilo moja lina funzo, kwani alikopa kidogo katika chama chao cha kuweka na kukopa na mtoto hakufukuzwa shule. Alikuwa ametabiri janga, lakini hakuwa ametabiri uwezo wake mwenyewe wa kulikabili.

Zoezi la pumzi, ambalo karibu kila programu inalo, lina nafasi ndogo zaidi. Mtu huvuta pumzi kwa puani kwa muda wa sekunde 4 na kuitoa polepole kwa sekunde 6, hivyo akapumua mara 6 kwa dakika. Kupumua taratibu namna hii hupunguza kasi ya moyo na kumpa mtu dakika chache za utulivu. Haligusi chanzo, na likitumiwa kila mara ili kukimbia hisia, laweza kumfunza mtu kwamba hawezi kuivumilia hofu bila ya simu yake.

Nguvu ya programu ni kiasi gani

Mwaka 2024 jopo lililoongozwa na Jake Linardon wa Australia lilichapisha muhtasari wa majaribio 176 yaliyolinganisha watu waliopewa programu za simu za afya ya akili na watu ambao hawakupewa. Kwa upande wa wasiwasi, tofauti kati ya makundi hayo mawili ilikuwa 0.26 kwa kipimo ambacho wanatakwimu hukitumia. Maana yake kwa lugha ya kawaida ni hii: ukimchukua mtu wa katikati katika kundi lisilotumia programu, basi watu wapatao 60 kati ya 100 waliotumia programu watakuwa na hali nzuri kuliko yeye. Kama programu isingekuwa na faida yo yote, idadi hiyo ingekuwa 50. Faida ipo, lakini ni ndogo.

Isitoshe, waliomo katika majaribio hufuatiliwa na kukumbushwa. Katika maisha ya kawaida watu huiacha programu mapema. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 na Amit Baumel na wenzake, uliotazama programu 93 za afya ya akili, ulikuta kwamba katika programu ya kawaida ni asilimia 3.3 tu ya walioiweka katika simu ambao bado waliifungua siku ya 30. Kwa hiyo mtu aliyeiacha baada ya juma moja asijione dhaifu. Yuko pamoja na walio wengi, na asihitimishe kwamba kwa kuwa programu haikumfaa, basi hakuna kitakachomfaa.

Maswali saba

Programu nyingi hutumia kipimo kinachoandikwa GAD-7 kwenye kioo. Kilitungwa na Robert Spitzer, Kurt Kroenke, Janet Williams na Bernd Löwe, na kuchapishwa mwaka 2006 baada ya kujaribiwa kwa wagonjwa 2,740 katika zahanati za Marekani. Kina maswali 7 kuhusu majuma mawili yaliyopita: kama mtu amekuwa na hofu au roho juu, ameshindwa kuyazuia mawazo, amewaza mno juu ya mambo mengi, ameshindwa kupumzika, ameshindwa kutulia mahali pamoja, amekuwa mwepesi wa kukasirika, na kama amehisi kwamba jambo baya litatokea. Jibu la "hapana kabisa" ni 0, "siku kadhaa" ni 1, "zaidi ya nusu ya siku" ni 2, na "karibu kila siku" ni 3. Jumla huanzia 0 hadi 21. Kuanzia 5 wasiwasi huhesabiwa kuwa mdogo, kuanzia 10 wa kati, na kuanzia 15 mkali.

Tarakimu 10 ndiyo mpaka unaotumiwa zaidi, na inafaa kujua mpaka huo una maana gani. Katika utafiti ule wa 2006, kati ya watu 100 waliokuwa kweli na maradhi ya wasiwasi wa jumla, 89 walipata 10 au zaidi. Kati ya watu 100 wasiokuwa nayo, 18 nao waliuvuka mpaka. Sasa tuchukulie watu 1,000 ambao kati yao 50 ni wagonjwa. Kipimo kitawanasa wagonjwa 45 hivi. Lakini kati ya wale 950 wasio wagonjwa kitawanasa pia 171. Hivyo, katika watu 216 watakaopata 10 au zaidi, ni kama mmoja tu katika kila watano mwenye maradhi yenyewe.

Kwa sababu hiyo hakuna programu iwezayo kumwambia mtu kwamba ni mgonjwa. Jumla ya 10 ina maana moja tu: mtu mwenye ujuzi na akutazame. Vilevile kipimo hiki kina pengo kubwa ambalo watumiaji wengi hawalitambui. Katika maswali yake 7 hakuna hata moja linalouliza kama mtu amechoka kuishi. Anaweza mtu kupata 8, akaonyeshwa rangi ya kijani, naye anafikiria kujiua.

Programu inapogeuka kuwa sehemu ya shida

Tumrudie mwalimu wetu. Mwanzoni alipata 9 katika maswali hayo saba, na baada ya majuma manne ya kuandika utabiri na kuahirisha mawazo alishuka hadi 6. Programu ilimfaa. Lakini muhula uliofuata mambo yalibadilika. Mama yake aliugua, madeni yakaongezeka, na wasiwasi ukarudi kwa nguvu. Sasa anaifungua programu mara 15 kwa siku. Akijaza 7, baada ya dakika kumi anarudi kuangalia kama imekuwa 6. Anapoingia katika mkutano wa walimu anaanza kwanza zoezi la pumzi chooni. Kisha anaanza kuomba ruhusa ili asihudhurie. Analala saa 4 kwa usiku. Jumla yake ni 13. Na siku ile ile programu inamwonyesha nyota na maneno ya pongezi, kwa kuwa ameijaza siku 60 mfululizo bila kukosa.

Pongezi hizo zinafundisha jambo. Programu hupima kile inachoweza kukihesabu, yaani mara ngapi imefunguliwa, na kuifungua mara nyingi si ishara ya kupona. Mtu mwenye wasiwasi hutafuta uhakika; kila anapoangalia tarakimu hupata uhakika wa dakika chache, kisha mashaka hurudi na kumdai aangalie tena. Hapo daftari limekuwa sawa na tabia ya kurudi mara tano kuhakikisha kwamba mlango umefungwa.

Jinsi ya kutambua ni rahisi, wala haihitaji hesabu. Mtu ajiulize: tangu nianze kutumia programu hii, maisha yangu yamepanuka au yamebana? Akiwa anakwenda tena sokoni, msikitini au kanisani, mkutanoni na kwa jamaa zake, programu inafanya kazi hata kama tarakimu haijashuka sana. Akiwa ameanza kuacha mambo aliyokuwa akiyafanya, programu haitoshi hata kama tarakimu imeshuka, kwani huenda imeshuka kwa sababu tu amejificha mbali na kila kinachomtisha.

Yasiyoonekana kwenye kioo

Mwalimu anakwenda kituo cha afya, na jambo la kwanza ambalo daktari analifanya programu haikuweza kulifanya: anamshika mkono. Anautazama kama unatetemeka, anahesabu mapigo ya moyo, anapapasa shingo na kufunua kope la jicho. Kuna magonjwa ya mwili yanayovaa sura ya wasiwasi. Tezi ya shingoni iitwayo thairoidi ikifanya kazi kupita kiasi humletea mtu moyo kwenda mbio, jasho, kutetemeka na kukonda ilhali anakula. Upungufu wa damu huleta moyo kudunda na kukosa pumzi. Dawa za pumu kama salbutamoli, kahawa nyingi, mirungi, na pia kuacha ghafla pombe iliyozoewa, vyote huleta dalili hizo hizo. Maumivu ya kifua yanayokuja mtu anapofanya kazi ya nguvu, au kuzimia, yasihesabiwe kamwe kuwa ni wasiwasi kabla ya moyo kupimwa.

Jambo la pili ni swali. Baada ya vipimo, daktari anamwuliza kwa sauti ya kawaida: "Mwalimu, katika mawazo haya, umewahi kuona afadhali usiwepo duniani?" Mwalimu ananyamaza kwa muda, kisha anaitikia kwamba ndiyo, mara mbili mwezi huu. Kwa siku zote alizojaza simu yake, hakuwa ameulizwa. Watu wengi huogopa kuuliza swali hilo wakidhani litampandikiza mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti hauonyeshi hivyo. Aliyeulizwa kwa upole mara nyingi hupata ahueni kwa kuwa siri imepata pa kutua.

Mtu anayesema anataka kujiua, au aliyekwisha kupanga namna ya kufanya hivyo, hana kazi na programu siku hiyo. Asiachwe peke yake. Sumu za wadudu, dawa nyingi na vitu vingine vya hatari viondolewe nyumbani mara moja, na apelekwe hospitali siku ile ile akiwa na mtu anayemwamini.

Kwa mwalimu wetu hali haikufika huko. Daktari anapanga naye amwone mshauri mara moja kwa juma, na anamwomba amtaje ndugu mmoja atakayejua habari hii. Anamtaja dada yake. Kazi yao na mshauri ni kurudia kwa ngazi yale aliyoyaacha: kwanza kukaa mkutanoni dakika 10 bila zoezi la pumzi, kisha nusu saa, kisha mkutano mzima, kisha kusimama na kusema. Daktari anamwanzishia pia dawa ya kundi la fluoksetini na setralini, akimweleza kwamba nafuu yake huchukua majuma kadhaa kuonekana, kwamba siku za mwanzo wasiwasi waweza kuzidi kidogo na ikiwa hivyo au mawazo ya kifo yakizidi arudi mara moja, na kwamba asiikatishe ghafla pasipo ushauri. Hampi diazepamu aende nayo nyumbani, ingawa jirani alimshauri ainunue dukani, kwa sababu mwili huizoea upesi na kuiacha huleta wasiwasi mkubwa kuliko ule wa mwanzo.

Na lile daftari la simu je? Daktari analitaka, ila kwa ukurasa mmoja tu: wastani wa asubuhi, mchana na usiku, saa za kulala, na mambo aliyoyaacha kuyafanya. Tarakimu ambazo mwalimu alikuwa akizitazama peke yake usiku, sasa zinasomwa na watu wawili mchana. Anajaza mara moja kwa siku, na kengele za pongezi amezizima. Baada ya majuma 12 jumla yake ni 5. Usiku bado si rahisi, lakini amekwisha hudhuria mikutano minne mfululizo.

Benchi na simu

Yawezekana msomaji akasema kwamba wataalamu wa akili ni wachache mno, na kwamba programu ndiyo pekee iliyo karibu. Neno hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote. Mjini Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango uitwao Benchi la Urafiki. Wanaoketi kwenye benchi hizo, nje ya zahanati, si madaktari. Ni wahudumu wa afya wa mitaani, wengi wao bibi wenye umri mkubwa, waliofunzwa kumsaidia mtu achague tatizo moja na kulitafutia hatua ya kwanza. Hawatumii majina ya kizungu ya ugonjwa. Hutumia neno la Kishona kufungisisa, ambalo maana yake ni kuwaza kupita kiasi, karibu sawa na yale mawazo mengi ya Waswahili. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lililohusisha wagonjwa 573 katika zahanati 24, lilionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokaa kwenye benchi walikuwa na wastani wa dalili 3.81 katika kipimo chenye maswali 14, ilhali waliopata huduma ya kawaida iliyoongezewa walikuwa na 8.90. Baadaye mpango huo ulifika pia Malawi na Zanzibar.

Bibi aliye kwenye benchi huona kile ambacho simu haikioni: machozi yanayozuiwa, nguo zilizochakaa, na ukimya unaofuata swali. Tena anayoambiwa hayapeleki kwa mfanya biashara. Machi 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya BetterHelp, inayotoa ushauri nasaha kwa njia ya mtandao, italipa dola milioni 7.8 baada ya kudaiwa kuwapelekea wauza matangazo habari za wateja iliowaahidi siri. Basi anayeweka daftari lake katika simu asome kwanza habari zake zitahifadhiwa wapi, na achague programu isiyomdai jina wala namba ya simu.

Kwa muhtasari, mwenye wasiwasi wa kawaida anaweza kuijaribu programu kwa majuma manne, akiandika mara mbili au tatu kwa siku na kuhakiki utabiri wake. Asisubiri majuma hayo yaishe, bali amwendee mhudumu wa afya, iwapo jumla imefika 10 au zaidi, iwapo ameacha kazi, ibada au matembezi kwa sababu ya hofu, iwapo mwili una dalili zisizoeleweka, au iwapo anatumia pombe au vidonge ili alale. Na iwapo wazo la kutokuwepo duniani limempitia hata mara moja, amwambie mtu siku ile ile, wala asingoje kengele ya simu imwulize, kwa kuwa huenda swali hilo halimo.